Bosi Amekuchosha, Watoto Wako Shuleni

Barua nyingi za kuacha kazi huandikwa usiku, siku ileile ya ugomvi, kwenye simu, mwandishi akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na familia imelala. Huwa fupi na zenye adabu kupita kiasi: "Ninaomba kuacha kazi kwa sababu zangu binafsi. Nashukuru kwa ushirikiano mlionipa." Ukiisoma huwezi kujua kwamba aliyeiandika ametukanwa mbele ya vibarua mchana wa siku hiyo, tena si mara ya kwanza. Kwa Tanzania, barua ya namna hiyo inaweza kumgharimu mfanyakazi fedha za miezi kadhaa, na wengi hulijua hilo wakiwa wameshaondoka getini.

Tumchukue msimamizi wa ghala la baridi jijini Dar es Salaam. Ni mtu wa mfano, na hesabu za nyumbani kwake ni za kukadiria, ila sheria zitakazomgusa ni hizi zinazotugusa sote. Ana miaka 46. Amekaa kampuni moja miaka 14, mshahara wa msingi ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Mke wake anashona nguo na kuingiza kama 200,000. Wana watoto wawili, mmoja yuko kidato cha tatu shule ya bweni ya binafsi, mwingine darasa la tano shule ya serikali. Mama yake mzazi yuko Singida na hutumiwa 50,000 kila mwezi. Na kuna mkopo wa benki unaokatwa 280,000 kwenye mshahara, umebakiza miezi 20.

Ugomvi ulianza miaka mitano iliyopita alipokuja mkuu mpya wa idara. Chanzo ni hati za kupokelea mzigo. Lori likifika usiku, mkuu anataka msimamizi asaini kabla ya kuhesabu makasha, ili dereva asicheleweshwe. Msimamizi anakataa. Anayesaini ndiye atakayeulizwa siku ya kuhesabu mali, na makasha yakipungua hakuna atakayekumbuka nani aliamuru. Tangu hapo ni barua za onyo kwa makosa madogomadogo, ni zamu za usiku mfululizo, ni maneno mbele ya watu. Siku nyingine anafika kazini na kukaa dakika kumi nje ya geti kabla ya kupata nguvu ya kuingia.

Anachokitaka badala yake anakijua. Katika ghala la baridi, mitambo ya ubaridi ndiyo roho ya biashara, na kwa miaka yote hiyo amewashikia tochi mafundi waliokuja kutengeneza. Anaujua mlio wa kombresa inayokaribia kufa. Majirani wawili wamekwisha kumwita awasafishie viyoyozi. Anataka kuwa fundi wa majokofu na viyoyozi, ajitegemee.

Kinachomzuia ni hofu, na hofu yake ina sehemu nyingi. Sehemu kubwa ya hofu hiyo inapimika, na ikishapimwa hugawanyika: kuna iliyo ya kweli, kuna ya kufikirika, na kuna ile ambayo hakuwahi kuiona kabisa wakati ndiyo ilikuwa ya kuogopwa.

Tuanze na namna ya kutoka, maana hapo ndipo watu hupoteza zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyeachishwa kazi na mwajiri malipo ambayo kwa kawaida tunayaita kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Kwa ndugu yetu, tukigawa mshahara kwa siku 26 za kazi, siku moja ni kama 46,150. Siku saba ni kama 323,000, na kwa miaka kumi inakaribia 3,230,000. Ile miaka minne ya ziada haiongezi hata senti. Kwa hiyo hoja ya "ngoja nikae kidogo kiinua mgongo kinenepe" kwake ilikufa zamani.

Lakini fedha hiyo hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Aliyeachishwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu haipati, na aliyeandika barua mwenyewe haipati. Kuna na fao la kukosa ajira la NSSF, ambalo ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi isiyozidi sita, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18. Kwake ingekuwa kama 400,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa jumla. Nalo ni la aliyepoteza kazi pasipo kutaka. Aliyeacha kwa hiari hayumo. Jumlisha: tofauti kati ya kupunguzwa kazi na kuandika ile barua ya usiku inazidi shilingi milioni tano na nusu. Atakacholipwa hata akiacha mwenyewe ni mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuichukua, na anatakiwa kupewa cheti cha utumishi.

Je, hakuna sheria ya kumlinda mtu aliyefukuzwa kwa vituko? Ipo. Sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi akiacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya kuendelea na kazi kusivumilike, kuacha huko kunahesabika kuwa ni kuachishwa. Ila mlango huu ni mwembamba kuliko watu wanavyosimuliana kwenye daladala. Bosi mkali, bosi asiyesalimia, bosi mwenye upendeleo, hao peke yao hawatoshi. Inabidi uonyeshe kwamba hali haikuvumilika kweli, kwamba mwajiri ndiye aliyeisababisha, kwamba ndiyo iliyokuondoa, na kwamba ulitumia kwanza njia za malalamiko zilizomo ndani ya kampuni, au una sababu nzuri ya kutozitumia. Kisha shauri liwe limefika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Siku hizo 30 hupita haraka mno kwa mtu aliyekwenda kijijini kupumzisha kichwa.

Sasa rudi kwenye ile barua. Umeandika "sababu zangu binafsi", umeshukuru kwa ushirikiano, halafu wiki mbili baadaye unaiambia Tume kwamba ulikuwa unateswa. Mwajiri atatoa karatasi moja tu mezani, yenye saini yako.

Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo msimamizi wetu anatakiwa kulifanya ni kuandika malalamiko, kabla hata ya kufikiria barua ya kuacha. Yawe ukurasa mmoja kwa idara ya rasilimali watu, yenye tarehe na mambo yaliyotokea, bila matusi na bila historia ya miaka mitano yote. "Tarehe fulani, saa tano usiku, niliagizwa kusaini hati ya kupokelea mzigo kabla ya kuhesabu makasha. Niliomba kuhesabu kwanza. Asubuhi yake nilipewa barua ya onyo kwa kuchelewesha gari." Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki nyumbani, isiwekwe kwenye droo ya ofisini. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kwa mfano TUICO katika viwanda na biashara, nakala nyingine iende kwa kiongozi wa tawi.

Karatasi hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumkinga asigeuziwe kibao. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamruhusu mwajiri kumwachisha mtu kwa sababu ya kutopatana na wenzake kazini, mradi aweke kumbukumbu za matukio, amweleze mhusika, amwonye na kumpa nafasi ya kujieleza na kujirekebisha. Katika ugomvi wa miaka mingi, mwenye mafaili ndiye hushinda, na kwa kawaida mwenye mafaili ni ofisi. Kazi ya pili ni kwamba wakati mwingine karatasi hiyo inafungua mlango ambao wengi hawaujui, nao ni makubaliano ya kuachana. Sheria inautambua usitishaji wa ajira kwa maelewano. Kampuni iliyochoka na ugomvi inaweza kukubali kulipa notisi na kiasi kinacholingana na kiinua mgongo ili suala liishe bila kwenda Tume. Kabla ya kusaini makubaliano kama hayo ni busara kupita NSSF kuuliza maneno yaliyoandikwa yataathiri vipi fao, kwa sababu neno "hiari" likiwekwa mahali pasipo pake lina bei.

Tukiwa hapohapo NSSF, kuna hadithi inayopaswa kuzikwa. Wafanyakazi wengi wa rika lake bado wanasema, "Nikiacha nitachukua michango yangu nianzie biashara." Lile lililoitwa fao la kujitoa lilifutwa na mageuzi ya mwaka 2018, na hili la kukosa ajira ndilo lililochukua nafasi yake. Mtaji wa kuanzia ufundi usiutafute humo.

Kilichomo humo ni pensheni, na kwa ndugu yetu hiki ndicho kitu kikubwa ambacho hakuwahi kukiogopa. Ili mtu apate pensheni ya uzee ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180. Miaka 14 ni miezi 168. Amebakiza 12. Akiondoka leo na asichangie tena, atafika miaka 60 akiwa hana sifa ya pensheni ya kila mwezi kwa sababu ya upungufu wa mwaka mmoja, baada ya kukatwa asilimia kumi ya mshahara kila mwezi kwa miaka 14 na mwajiri kuongeza kumi nyingine. Anaweza kuendelea kuchangia mwenyewe kwa hiari baada ya kuacha, na inafaa afanye hivyo. Lakini kwanza ahakikishe hiyo 168 ni 168 kweli.

Anaomba taarifa ya michango, anakaa nayo mezani na karatasi zake za mishahara, anapitisha kalamu mwezi kwa mwezi. Tuseme anakuta miezi 161. Kuna miezi saba, ya kipindi ambacho kampuni ilikuwa na hali mbaya, ambayo makato yanaonekana kwenye karatasi ya mshahara lakini hayaonekani NSSF. Hili hutokea, na halitangazwi na mtu. Kulifuatilia ukiwa bado ndani, ukiwa na karatasi mkononi na mhasibu unayemjua kwa jina, ni jambo la wiki chache. Kulifuatilia miaka kumi baadaye, kampuni imeshabadili jina na wamiliki, ni kilio. Kwa maoni yangu, mtu asiandike barua ya kuacha kazi kabla hajaifanya kazi hii ya jioni moja, hata kama bosi ni shetani.

Sasa nyumbani. Mshahara ukishakatwa kodi, NSSF na mkopo, anashika mkononi kama 648,000. Matumizi ya mwezi ni haya: chakula 300,000, kodi ya nyumba 150,000, umeme na maji na nauli 100,000, mama 50,000. Ada ya bweni ni 1,600,000 kwa mwaka, yaani kama 133,000 ukiigawa kwa miezi. Jumla ni kama 733,000, na pengo linazibwa na cherehani ya mama watoto. Akiacha kazi, mkopo haukatwi tena kwenye mshahara, ila hauondoki. Unaongezeka kwenye orodha na kufanya matumizi kuwa 1,013,000. Toa 200,000 za mke. Yeye anatakiwa kuleta 813,000 kila mwezi, baada ya gharama zake za kazi.

Kwa fundi, hiyo ni nini? Tuseme kusafisha na kukagua kiyoyozi kimoja cha ukutani anatoza 40,000, na nauli, dawa ya kusafishia na vifaa vidogovidogo vinakula 10,000. Anabaki na 30,000. Anahitaji viyoyozi 27 kwa mwezi, karibu kimoja kila siku ya kazi. Dar es Salaam mwezi wa Januari, watu wanalala wamelowa jasho, fundi mwenye simu inayojulikana anaweza kufika hapo na kupita. Mwezi wa Julai upepo wa kusi unavuma, watu wanafungua madirisha, na kiyoyozi kilichoharibika kinasubiri. Akipata kumi mwezi huo ashukuru. Kumi ni 300,000, na pengo ni 513,000. Zidisha kwa miezi minne ya baridi, Juni hadi Septemba: zaidi ya milioni mbili. Na Julai ndiyo muhula wa pili unafunguliwa na nusu ya ada inatakiwa.

Nimeona makala nyingi zikimshauri mtu awe na "akiba ya miezi sita" kana kwamba miezi yote inafanana. Kwa fundi wa viyoyozi aliyeanza kujitegemea Mei, miezi sita ya kwanza ni mibaya karibu yote. Aliyeanza Novemba ana miezi mitano ya kuvuna kabla ya kukutana na kusi. Tarehe ya kuondoka ina uzito sawa na uamuzi wenyewe.

Hofu nyingine ni ya matibabu, nayo ni ya kweli. Mke anatumia dawa za shinikizo la damu kila siku, na kadi ya bima ni ya kampuni. Siku ajira inapokoma, kadi inakwisha nguvu kwa mke na watoto pia. Bima ya kujilipia mwenyewe inatakiwa iulizwe bei na masharti kabla ya siku hiyo, hasa kipindi cha kusubiri kabla ya kuanza kutumia, ili pasiwe na miezi miwili mitupu katikati. Wengi huliweka hili mwisho wa orodha kwa kuwa hakuna mtu mgonjwa wa kulazwa wakati huo.

Halafu benki. Mkopo wa mshahara umejengwa juu ya imani kwamba mshahara utaendelea kupita pale. Bima inayoambatana nao kwa kawaida inahusu kifo au ulemavu. Kuacha kazi kwa kutaka si janga linalolipiwa. Na kama akiba yake iko SACCOS, aangalie amewadhamini wangapi. Akiba iliyoshikilia mkopo wa mwenzake haitoki kirahisi.

Lakini je, anaikimbia kazi au anamkimbia mtu? Swali hili linaudhi, na mtu aliye katikati ya ugomvi hawezi kulijibu vizuri akiwa palepale ghalani. Kuna kipimo kimoja ambacho sheria imemwekea bila kukusudia, nacho ni likizo. Ana haki ya siku 28 mfululizo kila mwaka. Badala ya kwenda Singida kulala, azitumie siku 20 kati ya hizo akimfuata fundi mzoefu, kuanzia asubuhi mpaka jioni, juu ya ngazi, kwenye mapaa ya moto. Siku nane zinazobaki akamwone mama.

Katika siku hizo ataliona jambo ambalo hakuliona alipokuwa akishika tochi. Mteja anapiga simu: kiyoyozi hakipozi. Fundi wa mwanzo anafunga geji, anaona presha iko chini, anajaza gesi, hewa baridi inatoka, analipwa, anaondoka. Baada ya wiki tatu simu ni ileile, ila sauti imebadilika. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Fundi aliyekomaa anapaka povu la sabuni kwenye maungio ya nje na kusubiri. Kipovu kinachokua polepole pembeni ya nati ndicho kilichomleta. Anakaza au anachonga upya mdomo wa bomba, anafyonza hewa yote kwa pampu ya vakyumu, ndipo anajaza gesi kwa kupima uzito. Inachukua nusu siku badala ya nusu saa. Nayo gesi si moja. Mitambo ya zamani ina R22, ambayo dunia inaiondoa kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Mipya ina R410A, yenye presha ya juu zaidi, au R32, inayoweza kuwaka moto. Geji ya zamani ya R22 ukiifunga kwenye R410A unatafuta ajali.

Baada ya siku 20 za namna hiyo anajua. Kama jioni anarudi amechoka lakini anasimulia, basi ufundi ni wake. Kama anarudi akihesabu siku zilizobaki, basi shida ilikuwa ni mkuu wa idara, na dawa yake ni kuomba kuhamishiwa ghala jingine au kutafuta mwajiri mwingine wa kazi ileile aliyoisomea mwilini mwake kwa miaka 14. Hilo pia ni jibu, tena la bei nafuu zaidi. Usimamizi wa ghala la baridi si kila mtu anauweza.

Tuseme jibu ni ufundi. VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo mtu aliyejifunza kazi nje ya darasa hupimwa, huzibiwa mapengo na kupewa cheti. Kwa mwenye miaka 46 hii ni njia ya kufikiriwa kabla ya kukaa darasani miaka miwili na vijana wa rika la mwanawe, ingawa mwenye mapengo mengi kwenye umeme atahitaji kozi kamili na asijidanganye. Mwishoni mwa wiki anachukua kazi ndogo. Hapa tahadhari: asome mkataba wake kama unakataza kazi ya pembeni, asiguse vifaa vya kampuni hata bisibisi, asimhudumie mteja wa kampuni. Mkuu wa idara anamsubiri kwa hamu afanye kosa moja la namna hiyo.

Mazungumzo na mke yameahirishwa muda mrefu kuliko yote. Wanaume wengi wa rika hili huamini kumlinda mke ni kumficha mpaka mambo yawe tayari. Kumbe mke anajua. Amemsikia akigeukageuka usiku. Siku anapomweleza, hamuulizi habari za bosi. Anamuuliza, "Baba watoto, ada ya Julai unaitoa wapi?" Ni swali gumu, na ndilo sahihi. Kwa kulijibu wanagundua mambo ambayo yeye peke yake asingeyaona: kwamba yeye mama akiongeza mashine ya kudarizi kabla ya msimu wa harusi anaweza kuleta 300,000 badala ya 200,000; kwamba mtoto wa kidato cha tatu asihamishwe shule kabla ya mtihani wa kidato cha nne; kwamba kaka mkubwa aliyeko Dodoma hajawahi kuambiwa achangie matumizi ya mama kwa sababu siku zote mdogo wake alikuwa anatuma bila kulalamika. Simu kwa kaka inapigwa jioni hiyo. "Shikamoo kaka. Mwaka huu mama tumgawane."

Mama mwenyewe si lazima aelezwe yote. Kwake inatosha kujua kwamba fedha itaendelea kufika, hata ikipitia mkono mwingine.

Mpango unaotokana na hesabu hizi una miezi kumi ndani yake, kuanzia Januari. Ana 1,800,000 SACCOS. Viyoyozi sita kwa mwezi, mwishoni mwa wiki, vinaleta 180,000, na kwa miezi kumi ni 1,800,000 nyingine, kama hakuiba humo kulipia misiba na michango ya harusi. Jumla 3,600,000: kama milioni moja na nusu inanunua geji, pampu ya vakyumu, mita ya umeme, mashine ya kuoshea na mtungi wa gesi, na iliyobaki inasubiri kusi. Mkopo utakuwa umebakiza miezi kumi badala ya 20. Michango ya NSSF, ile miezi saba ikisharudishwa, itakuwa 178, na miwili iliyobaki anailipa mwenyewe kwa hiari, kisha anaendelea.

Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28 kwa maandishi. Akiondoka ghafla bila kuifanyia kazi, mwajiri anaweza kukata malipo ya siku hizo kwenye fedha anazomdai. Kwa hiyo barua inaingia mwanzoni mwa Oktoba, ghala linakabidhiwa kwa kuhesabu mali yote mbele ya shahidi, kasha kwa kasha, na hati ya makabidhiano inasainiwa na pande mbili. Msimamizi wa ghala asitoke bila karatasi hiyo. Upungufu utakaoonekana Desemba utatafuta mwenyewe, na aliyeondoka ndiye rahisi kusingiziwa.

Kuna hali ambazo mpango wa miezi kumi hauna maana kuufuata. Unyanyasaji wa kingono hausubiriwi. Kanuni zinautaja waziwazi kama sababu inayofanya kazi isivumilike. Kifua kinachobana kila asubuhi getini ni cha kupelekwa kwa daktari wiki hiyo, na cheti cha daktari kiwekwe kwenye faili. Na zile hati za mzigo: siku atakapolazimishwa kusaini makasha ambayo hakuyaona, au atakapokuta saini inayofanana na yake ambayo si yake, hesabu zote zinabadilika. Kazi unaweza kupata nyingine, lakini kesi ya wizi wa mali ya mwajiri itakufuata hadi kwa kila mteja utakayetaka akufungulie mlango wa nyumba yake uingie na ngazi. Hapo malalamiko ya maandishi yaende siku hiyohiyo, ushauri wa mwanasheria au chama utafutwe, na kama kutoka ni lazima, barua itaje sababu kama ilivyo, na Tume ijulishwe kabla siku 30 hazijatimia.

Akiwa na siku kadhaa kabla ya kuipeleka barua, anapita benki akiwa na karatasi yake ya mshahara na kumuuliza ofisa mikopo kama marejesho yanaweza kurefushwa yashuke hadi 180,000, sasa hivi, wakati bado ni mwajiriwa. Ofisa anauliza kwa nini. Anajibu kwamba ana mtoto bwenini, jambo ambalo ni kweli, halafu anakaa kwenye kiti kusubiri aitiwe meneja.